Shuka, shuka: kucheza mwavuli wa kitambaa na watoto wa awali

Vitambaa vya mchezo huu vinavyouzwa tayari vimeshonwa kama mwavuli wa askari wa kuruka, ndiyo maana wengi wanauita mchezo wa mwavuli. Watoto wangu hapa Uyole, Mbeya, wanauita uyoga, na ukiutazama ukiwa juu utakubaliana nao. Wanasimama kuzunguka kitambaa kikubwa, kila mmoja ameshika pindo. Wanainama pamoja, wananyanyua pamoja, kitambaa kinajaa hewa, kinasimama juu ya vichwa vyao kwa kitambo kidogo, kisha kinashuka polepole.

Raha ya mwalimu ni kwamba kitambaa chenyewe ndicho kinachosema. Wakinyanyua kwa pamoja, uyoga unasimama wima. Watoto watano wakichelewa, unainamia upande wao na kila mtu anauona, wenyewe wakiwa wa kwanza. Huna haja ya kumtaja mtu.

Michezo ya shuka ni mingi, lakini yote inategemea huo mnyanyuo mmoja. Ndiyo maana hapa nitakaa zaidi kwenye mnyanyuo kuliko kwenye orodha ya michezo.

Hatua ya 1: Kushona shuka

Shuka langu la kwanza niliunganisha mashuka manne ya kitandani, ya pamba, ambayo akina mama walichangia. Lilikuwa zuri kwa macho. Asubuhi tukalitandika kwenye ukoka wenye umande, likanywa maji, na watoto ishirini wakalinyanyua hadi kifuani likagoma. Pamba ni nzito, na ikilowa ni nzito zaidi.

Siku hizi natumia tetroni nyepesi. Ukipata nailoni nyembamba, kama ile ya makoti ya mvua, ni bora zaidi. Kabla ya kulipa, weka kitambaa mdomoni, kiganja upande wa pili, kisha upulize. Pumzi ikipita kirahisi mpaka kiganjani, kiache, kwa sababu hewa itakayoinua uyoga itapita hivyo hivyo. Chandarua hakifai kabisa kwa sababu hiyo. Turubai halipitishi hewa, lakini watoto hawatalinyanyua.

Kwa watoto 24 unahitaji shuka lenye upana wa mita 4.2. Tetroni ya upana wa mita 1.5 nunua mita 13, kata vipande vitatu vya mita 4.2, viunganishwe ubavu kwa ubavu, kisha punguza hadi upate mraba wa mita 4.2 kila upande. Mwambie fundi akunje mshono na kuupigia cherehani mara mbili, maana mshono wa mara moja utafunguka ndani ya wiki.

Usihangaike kukata duara. Pindo la duara linajikunja, na fundi atakulaumu. Kata pembe nane. Kwenye kila kona ya mraba pima mita 1.23 kwenda kila upande, unganisha alama hizo mbili kwa chaki, kata. Utapata shuka lenye pande nane zinazolingana, kila upande mita 1.7 na kidogo. Watoto watatu kila upande, jumla 24, na kila mmoja ana nafasi ya kuchezesha viwiko. Mimi hushonea utepe wa rangi tofauti kila upande, ili niweze kusema "upande wa njano" bila kutaja mtoto.

Zile kona nne ulizokata usizitupe. Ziunganishe kwa kukutanisha pembe zao za mraba katikati, utapata shuka dogo la mita 1.7 kwa 1.7. Hilo ni la watoto wa miaka miwili na mitatu, watoto sita au wanane, wakiwa wameketi. Fundi wangu, mzee wa Mwanjelwa, alipoona vipande hivyo alivyovipanga aliniuliza, "Mwalimu, sasa hii ni hema au gauni la bibi harusi?" Nikamwambia, "Ni uyoga, baba." Akatikisa kichwa, akaendelea kukanyaga cherehani.

Katikati ya shuka kubwa kata tundu la upana wa sentimita 24 hivi, nalo lipigwe pindo. Kazi yake ni kuiacha hewa itoke taratibu kwa juu. Bila tundu, hewa iliyonaswa hutafuta njia pembeni, na uyoga huyumba na kuteleza upande mmoja wakati wa kushuka.

Pindo la nje liwe nene, likunjwe mara mbili, ili kidole cha mtoto kipate cha kushika. Lakini usiweke vitanzi vya kuingiza mkono. Mimi niliviweka, nikijiona mjanja. Siku moja nilialikwa kuonyesha mchezo huu Makambako, na mchana upepo ukaja ghafla kama unavyokuja kule. Shuka likaondoka. Wasichana wawili, mikono ikiwa imepita kwenye vitanzi hadi kwenye vifundo, wakaburutwa hatua kadhaa na kuchubuka magoti. Usiku huo huo niliketi na wembe nikafumua vitanzi vyote.

Swali linalofuata huwa hili: darasa langu lina watoto hamsini, kwa nini nisishone la mita sita? Kwa sababu ukiongeza upana, kitambaa kinaongezeka haraka kuliko nafasi za kushika. Shuka la mita sita lina kitambaa mara mbili ya lile la mita 4.2, lakini pindo lake linatosha watoto 34 tu. Kila mtoto anabeba karibu mara moja na nusu ya mzigo, katikati panalala, na mikono ya miaka mitano inachoka kabla uyoga haujapanda. Baki na 4.2 na ugawe darasa. Waliobaki nje wana kazi kubwa, nitaifikia.

Hatua ya 2: Saa na uwanja

Nyanda zetu za juu zina asubuhi tulivu na mchana wa upepo, hasa kuanzia Agosti hadi Oktoba. Cheza kati ya saa tatu na saa nne asubuhi, umande ukiwa umekauka na upepo haujaamka. Mwezi wa sita na wa saba vidole huwa vimekufa ganzi kwa baridi, kwa hiyo wapige makofi na kusugua viganja kwanza. Mkono wenye ganzi haujui kama umeshika au umeachia.

Tandika shuka chini na usimame kando. Likitikisika lenyewe pindoni, endelea. Likianza kujaa tumbo bila mtu kuligusa, likunje uingie darasani. Siku hiyo piga ngoma tu.

Uwanja uwe na ukoka au udongo uliofagiwa, bila mawe wala visiki, na hatua tano wazi kila upande.

Hatua ya 3: Kushika na kuachia

Anza na kuachia. Watoto wakiwa wameketi, shuka likiwa mapajani, waonyeshe kushika: mikono miwili, viganja vikitazama chini, pindo limekunjwa mara moja kuelekea kwao kama mtu anayeanza kukunja mkeka. Kisha sema "Achia!" Mikono yote inaruka hewani na shuka linaanguka. Rudia mara tano, kwa kushtukiza. Watacheka, lakini ndilo zoezi ambalo siku ya upepo utashukuru ulilifanya. Asiyeachia mara moja akiwa ameketi, hataachia akiwa amesimama.

Neno la pili ni "Tuli." Wakilisikia, shuka linavutwa likawa bapa na hakuna anayetikisa. Wafundishe kwa mawimbi: kwanza upepo mdogo, vidole tu vinacheza; kisha mvua, viwiko vinaingia; kisha "Tuli." Shuka huchukua kama sekunde mbili kunyamaza hata kama mikono imesimama, na watoto hupenda kulitazama likinyamaza. Waache walitazame.

Hatua ya 4: Mdundo kabla ya mnyanyuo

Hapa ndipo wale watoto wa nje wanapoingia. Wape ndoo mbili za plastiki zilizopinduliwa na makofi. Wanapiga mdundo wa nne, sawasawa, kasi ya mtu anayetembea bila haraka. Walioshika shuka wanayumba kwa magoti tu, chini na juu, shuka likiwa kiunoni. Usiruhusu mnyanyuo wowote mpaka uone magoti yote yanashuka pamoja. Kwa kundi jipya hii inaweza kuchukua kipindi kizima, na sioni hasara yake.

Usipige ndoo wewe. Mwalimu akipiga, mikono yake hufuata watoto bila kujua: wakikimbia naye anakimbia. Mtoto anayepiga kwa msimamo yupo katika kila darasa. Mara nyingi ni yule asiyesema sana.

Hatua ya 5: Mnyanyuo wenyewe

Wachuchumae, pindo liguse ardhi. Hili wengi wanaliruka. Uyoga haupandi kwa nguvu ya mikono, unapanda kwa hewa iliyoingia chini ya shuka, na hewa hiyo unaichota kwa kutoka ardhini kwenda juu kwa mkupuo mmoja. Ukianzia kiunoni unachota kidogo, na katikati hupapatika tu kama nguo kwenye kamba.

Sasa, neno la kunyanyulia. Nitaeleza kwa kisa cha darasa langu, watoto 24 wa miaka mitano, wakiwa kwenye kipindi cha nne.

Nilihesabu, "Moja, mbili, tatu, nyanyua!" Uyoga ulipanda nusu na kulala upande wa kijani. Tukarudia, ukalala upande wa bluu. Mara ya tatu ulipanda kama kilima chenye mabonde matatu. Kama ingekuwa ni upande mmoja kila mara, ningesema kuna mtoto mdogo pale au jua linawapiga machoni, ningewahamisha. Lakini kosa lilikuwa linahamahama. Kosa linalohama halitoki kwa watoto. Linatoka kwenye ishara, na ishara ni mimi.

Mnyanyuo wa nne niliacha kutazama shuka, nikatazama mikono. Wengine walinyanyua kwenye "tatu", maana wamezoea kwamba mbio huanza kwenye tatu. Wengine walianza kwenye "nya". Wengine walingoja "nyu", pale sauti yangu ilipopanda. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo neno "nyanyua" lina uzito katikati, na mtoto hajui mlango ni upi. "Inueni" ni baya zaidi, lina silabi nne.

Neno "juu" uzito wake uko mwanzoni kabisa. Nikabadilisha: "Chini, chini, chini, juu!" Maneno yote mafupi, yote yana uzito mwanzoni, yote yanakaa juu ya mdundo wa ndoo. "Chini" tatu wanachuchumaa na kugonga pindo ardhini, na kwenye ile ya tatu wanavuta pumzi. Mtu akivuta pumzi mabega yake huwa tayari. Mnyanyuo wa tano uliinama kidogo. Wa sita ukasimama. Wa saba ukasimama na tundu la katikati likabaki katikati, na mtoto mmoja wa upande wa njano akasema, bila kuulizwa, "Tumepumua wote."

Kushuka nako kuna mdundo, na hapa lugha imetupa zawadi: "Shuka, shuka, shuka, tuli." Watoto waligundua wenyewe kwamba wanaliambia shuka lishuke, wakacheka mpaka wakashindwa kuimba. Siku mbili nzima ilikuwa ndiyo habari ya mjini. Tetroni yangu hushuka kwa hesabu nne au tano. Wako likishuka kwa mbili, kitambaa kinavuja au watoto wanalivuta chini. Waambie mikono inafuata shuka, haiongozi.

Wakishaweza kusimama pale pale, waongezee hatua moja ya kuingia ndani kwenye "juu". Pindo linalegea na uyoga unapanda juu zaidi. Hatua mbili ni nyingi mno, hewa inatoroka na wanagongana mabega.

Ukiona tatizo, soma hivi. Upande uliobaki chini ndio uliochelewa. Katikati pakipapatika, hawakuanzia ardhini. Uyoga ukipanda vizuri kisha ukaanguka puu, kuna waliolegeza mikono baada ya kufika juu, na mara nyingi ni uchovu. Mikono ikianza kupanda hadi usawa wa masikio tu, wamechoka. Badilisha kundi. Kwangu zamu ni minyanyuo sita, kisha wa ndoo wanakuja kwenye shuka na wa shuka wanakwenda kwenye ndoo. Shughuli yote ni dakika 15 hadi 20.

Wewe uwe sehemu ya duara, umeshika pindo kama wao, na mtu mzima wa pili upande wa pili. Ukisimama nje ukiamuru, watakutazama wewe badala ya kutazamana, na wale waliokupa mgongo watachelewa daima.

Hatua ya 6: Kupita chini ya uyoga

Huu ndio wanaoungoja. Taja watoto wawili wanaotazamana. Wanabadilishana nafasi kwa kupita chini, kila mmoja akipitia kulia kwake, wanatembea haraka lakini hawakimbii. Waanze kutembea kwenye "juu" yenyewe. Wakingoja uyoga ukae sawa ndipo waondoke, utawashukia katikati ya njia.

Wakikutana katikati wanasalimiana. Iringa na Njombe "Kamwene" inatosha, na ni fupi. Sisi hapa tunasalimiana kwa kugusana viganja. Salamu hiyo si pambo: inawalazimisha kutazamana, na wanaotazamana hawagongani vichwa. Tangu tuanze nayo sijapata nundu hata moja. Kabla yake nilipata mbili kwa wiki.

Usipeleke zaidi ya wawili mpaka mwezi upite. Upande mzima wa watoto watatu ukiondoka, pindo linalegea pale na uyoga unalala, kwa hiyo majirani wao lazima wajifunze kwanza kunyoosha mikono kuziba pengo.

Kuna mtoto atakayeogopa shuka likimkaribia kichwani. Mpe ndoo, au ashike pindo akiwa karibu nawe, bila kumpitisha chini. Mtoto wa kiti cha magurudumu anashika kama wengine. Kwa siku hiyo kundi zima linaweza kuanzia mnyanyuo kwenye magoti badala ya ardhini, uyoga utakuwa mfupi kidogo lakini utasimama. Wa miaka miwili na mitatu usiwafunike kabisa. Kwao shuka dogo, mawimbi na "shuka, shuka" vinatosha.

Mtoto asinyanyuliwe juu ya shuka hata kwa utani, na asitembee juu yake likiwa limeshikwa. Tetroni inateleza.

Hatua ya 7: Mpira, kwa ufupi

Mpira wa makaratasi uliofungwa nailoni, mkubwa kuliko tundu, unawekwa katikati. Miaka mitano kazi yao ni usianguke nje wakati wa mawimbi. Kuuzungusha pindoni ni kazi ya miaka sita au saba: ukinikaribia nashusha, ukinipita napandisha. Mpira hufuata pale palipo chini, kwa hiyo anayewahi kupandisha anaurudisha ulikotoka. Ukijaribu na wadogo utapata kelele tu, nimejaribu.

Kukunja

Maliza kwa kukunja nao. Kwenye "tuli" ya mwisho kila mtu anatembea polepole kuelekea katikati, anamkabidhi pindo mtu mzima, anarudi nyuma na kuketi. Mtoto wa mwisho anabaki ameshika tundu. Shuka lianikwe kivulini kabla ya kuingia kabatini, hasa Tukuyu na Rungwe yote wakati wa mvua. Likikunjwa na unyevu, siku chache tu litakuwa na madoa meusi ya kuvu na harufu ambayo sabuni haiitoi, na watoto watakuwa wa kwanza kukuambia.